Alinyang'anya kikombe, kisha akatulia

*Shikamoo dada muuguzi,*

*Nina mtoto wa kiume wa miezi 14, tunaishi Mbagala. Mwezi uliopita alianza kuhara Jumatatu jioni. Jumanne akaharisha mara sita au saba, maji matupu, na kutapika mara mbili. Mama mkwe akasema ni meno. Jirani akasema nimpeleke kwa bibi mmoja amwangalie kama ana meno ya plastiki. Mimi nikaenda duka la dawa, nikapewa flajili na pakiti za ORS. ORS aliitapika, nikaacha, nikampa maji ya glukosi. Usiku kucha alilia, akawa ananyang'anya kikombe na kunywa kama hajawahi kuona maji. Nikashukuru, maana mtoto anayekunywa si mgonjwa. Pampasi nayo ilikuwa inalowa. Jumatano asubuhi akatulia, nikajua amepona, nikaenda kufua. Saa sita mchana macho yalikuwa yameingia ndani na ziwa hataki. Hospitali akatundikiwa dripu, na muuguzi akanisema mbele za watu kwamba nimemkalia mtoto mpaka amekauka.*

*Wiki iliyopita akaharisha tena mara tatu, rangi ya kijani. Sikungoja, nikapanda bodaboda. Walimwona anavyokimbia chumbani, wakanipa ORS na zinki, wakasema ni kuhara kwa kawaida na ningeweza kukaa naye nyumbani. Sasa mama mkwe ananiita mama hospitali.*

*Nikichelewa nasemwa, nikiwahi nachekwa. Mstari uko wapi? Na damu ikionekana kidogo, au homa, nayo iwe ya kiasi gani?*

*Mama wa Mbagala*

Marahaba, mdogo wangu.

Mstari wako ulikuwa pale kwenye kikombe. Usiku ule wa Jumanne, mtoto aliponyang'anya maji, ndipo ulipotakiwa kuamsha mtu akusindikize. Huyo muuguzi aliyekusema mbele za watu hakukutendea haki, kwa sababu dalili hiyo haifanani na ugonjwa. Hata mimi, kabla sijafundishwa kuitazama, ningeona mtoto mwenye nguvu ya kunyang'anya ni mtoto mzima.

Nikueleze kwa nini. Mtoto wa umri wa wako huwa na kilo 9 hivi, basi tuchukue hizo tupige hesabu. Akipoteza maji chini ya nusu lita, mwili wake unajibana na huoni chochote: anacheza, anang'ang'ania simu yako, anakula. Akivuka nusu lita, kiu inamshika na anakuwa msumbufu. Akikaribia kupoteza lita moja, damu inaanza kushindwa kuzunguka vizuri na mtoto yuko hatarini. Kwa hiyo kutoka "sioni kitu" mpaka "mkimbizeni" kuna tofauti ya chupa moja ndogo ya soda. Mtu mzima akipoteza kiasi hicho, atalalamika kiu na kuendelea na shughuli zake.

Ndiyo maana sisi kwenye kona ya ORS hatumpimi mtoto kwa idadi ya vyoo. Tunauliza, ndiyo, na tunaita kuhara pale choo kinapokuwa chepesi mara tatu au zaidi kwa siku nzima, lakini idadi haituambii nani arudi nyumbani. Nimeona mtoto ameharisha mara kumi, vijiko viwili vitatu kila mara, anazunguka chumba akifungua madroo. Nimeona mwingine ameharisha mara nne tu, kila mara lundo la maji meupe kama yaliyooshea mchele, na akafika hana fahamu. Choo cha namna hiyo, hasa kama mtaani kuna taarifa za kipindupindu, hakisubiriwi hata saa moja.

Tunamtazama mtoto mwenyewe, na cha kwanza ni jinsi anavyokunywa. Mpe maji au ORS kwa kikombe. Akinywa kidogo na kuendelea na mambo yake, yuko salama kwa sasa. Akikiparamia kikombe, akalia unapokiondoa, na hali hiyo ikirudi tena na tena, maji yamepungua mwilini. Akikataa kabisa, au akiyaacha yamwagike mdomoni kwa sababu hana nguvu ya kumeza, amefika pabaya. Unaona hapo mtego ulipo? Mtoto aliyeacha kunyang'anya kikombe anaweza kuwa amepona, au anaweza kuwa amezidiwa mpaka ameshindwa kudai.

Cha pili ni tabia yake, na mtego wake ni uleule. Anaanza akiwa kawaida, kisha anakuwa mkorofi, analia bila kubembelezeka. Baadaye analegea. Kulegea huko ndiko wewe ulikoita kutulia, na akina mama wengi sana wameniambia neno hilohilo. Njia ya kutofautisha ni kumwamsha. Mtoto aliyepona na kupitiwa na usingizi, ukimnyanyua na kumsugua nyayo, atakasirika, atakutazama usoni, atataka ziwa. Aliyelegea atafungua macho nusu, kichwa kitaanguka begani, na atarudi kulala. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, si baada ya kufua wala baada ya baba yake kurudi kazini.

Halafu macho na ngozi. Macho kuingia ndani ni dalili ya kuaminika kwamba maji yamepungua, ila wapo watoto waliozaliwa na macho ya ndani, kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe. Fungua simu utafute picha ya wiki iliyopita, iweke kando ya uso wake. Sisi tulikuwa tunamuuliza mama tu, "Macho yake ni hivi siku zote?" Siku hizi namwambia anionyeshe picha.

Ngozi ipime tumboni, kati ya kitovu na ubavu. Mlaze chali, mikono yake ikae kando ya mwili. Ibane ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, mkunjo uelekee juu na chini kama mwili ulivyo, shika kwa sekunde moja, achia. Inatakiwa irudi papo hapo. Ukiweza kuuona mkunjo umesimama hata kidogo kabla haujalala, maji yamepungua. Ukikaa zaidi ya sekunde mbili, hali ni mbaya. Kipimo hiki kina udhaifu wake: mtoto mnene ngozi yake hurudi haraka hata akiwa amekauka, na mtoto aliyekonda sana ngozi yake huchelewa hata akiwa hana shida ya maji. Kwa hiyo usikitumie peke yake. Dalili mbili zikikutana, mathalani kiu ya kunyang'anya pamoja na macho ya ndani, hiyo inatosha kuondoka nyumbani.

Utosi uliobonyea nao unasema jambo hilohilo, kama bado haujafunga. Wapo wazee wanaousukuma kutoka ndani ya kinywa kwa kidole ili "upande". Hauwezi kupanda kwa kidole, maana ulishuka kwa kukosa maji.

Sasa pampasi, maana hiyo ilikudanganya na haikukudanganya wewe peke yako. Choo cha maji matupu kinafyonzwa kama mkojo, na ukiipima kwa mkono inakuwa nzito kama kawaida. Mtoto akiharisha, rudia nepi za kitambaa kwa siku mbili tatu. Kama huna, weka kipande cha kitambaa cheupe cha pamba mbele, pale mkojo unapotokea, kwa mtoto wa kiume ni rahisi zaidi. Utaona kama amekojoa na utaona rangi. Mtoto wa umri huo akikaa muda wa saa sita bila mkojo, mpeleke. Mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi na harufu kali, ongeza ORS mara moja na usimwondolee jicho. Ukiona pia analia bila machozi na ulimi umekauka, usibaki kubahatisha.

Turudi Jumanne mchana, kabla ya kikombe, kwa sababu hapo bado ulikuwa na nafasi ya kumtibu mwenyewe nyumbani. Alitapika ORS, ukaacha. Ungengoja dakika kumi, kisha ukaanza upya kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila baada ya dakika mbili. Inaonekana kama mchezo, lakini hesabu inakubali: kijiko cha chai ni mililita 5, kwa saa moja unafika 150. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, yaani robo hadi nusu ya glasi. Hivyo saa moja ya vijiko inafidia choo kimoja, pengine viwili au vitatu. Akitapika tena, ngoja tena dakika kumi, urudi kwa kasi ndogo zaidi. Watoto wengi wanaotapika ORS wameigugumia kwa kikombe. Tumbo limechokozwa, ukilijaza ghafla linarudisha. Lakini akitapika kila kitu, hata kijiko, hata ziwa, hapo nyumbani pameshindikana, mpeleke.

Na hiyo ORS soma pakiti. Zipo za lita moja na zipo za nusu lita, na ukikosea hapo umeharibu. Mimina pakiti yote kwenye maji yote yaliyoandikwa, maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usichote kidogo kidogo ukachanganya kwenye kikombe, maana chumvi itazidi, na chumvi ikizidi inamdhuru. Ionje: isipite chumvi ya machozi. Usiongeze sukari wala soda ili aipende. Iliyobaki baada ya saa 24 mwaga, uchanganye nyingine.

Glukosi ulimpa kwa nia njema, na mtaani inauzwa kama dawa ya nguvu. Tatizo lake ni kwamba sukari peke yake, ikiwa nyingi, inavuta maji kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, na mtoto anazidi kuhara. ORS nayo ina glukosi, ila imepimwa pamoja na chumvi kwa uwiano ambao ukuta wa utumbo unavifyonza pamoja na maji yakafuata. Soda na juisi za pakiti ziweke kundi moja na glukosi. Ziwa usiliache, uji usiuache, mtori na ndizi nani ampe kama si wewe. Kumfunga mtoto kula ili "tumbo lipumzike" kunamkondesha tu.

Flajili iache kabisa kwa kuhara kwa maji. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi, na flajili haigusi virusi. Ina ladha ya shaba inayomtia kichefuchefu, na mtoto wako tayari alikuwa anatapika. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima ni hatari zaidi, kwa sababu zinaweza kuuzubaisha utumbo wa mtoto na kumlegeza yeye mwenyewe. Kinachostahili kununuliwa pamoja na ORS ni zinki. Mtoto wa miezi sita na kuendelea anapewa kidonge cha miligramu 20 mara moja kwa siku, ukikiyeyusha kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama, kwa siku 10 mfululizo. Wa chini ya miezi sita, nusu yake. Huko Mbagala najua kinachotokea: mtoto akipata choo kizuri siku ya tatu, vidonge vinawekwa juu ya kabati. Vimalize. Faida yake haiishii kwenye kuhara huku, inampunguzia uwezekano wa kuhara tena miezi miwili mitatu ijayo.

Uliuliza damu ikionekana kidogo. Damu ina mlango wake, haifuati vipimo vya kiu na ngozi. Mtoto anaweza kuwa anacheza, anakojoa vizuri, macho yako sawa, na bado damu ndani ya choo chepesi ikampeleka kituoni siku hiyohiyo. Damu ya kuhara damu huwa imechanganyika na choo na makamasi, choo chenyewe ni kidogo kidogo mara nyingi, na mtoto anajikamua uso ukiwa umekunjamana hata kama hakitoki kitu. Kwa watoto, chanzo kikubwa ni bakteria aitwaye shigela, na huyo hauawi na flajili. Anahitaji dawa nyingine ya kuua bakteria, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake, ambayo mhudumu ndiye wa kuiandika. Watu wengi wakiona damu wanasema "amiba" na kukimbilia dukani. Amiba kwa mtoto wa mwaka mmoja ni nadra, na siku mbili za kuijaribu dawa isiyohusika zinampa shigela nafasi.

Damu isiyokuwa ya kukimbiza ni ule uzi mwekundu juu ya choo kigumu, mtoto akiwa hakupata choo siku mbili na sasa amechanika kidogo. Mwonyeshe mhudumu mchana, usiamshe mtaa. Na kabla hujapiga kelele kumbuka alichokula. Tikiti maji, bitiruti na maganda ya nyanya vimewahi kuniletea akina mama wakilia. Wala siwacheki. Usipokuwa na uhakika, njoo na nepi.

Kuna damu moja nataka uijue ingawa si ya kila siku. Mtoto analia kwa vipindi: anapiga kelele, anavuta magoti tumboni, anapauka, kisha ananyamaza kama vile hakuna kitu, na baada ya robo saa hivi anaanza tena. Anaweza kutapika kijani. Baadaye choo kinatoka kama jamu nyekundu. Hapo utumbo umejiingiza ndani ya utumbo kama mkono wa sweta uliovutwa nusu, na sehemu iliyobanwa inakosa damu. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka miwili. ORS haisaidii hapo, na zahanati haitaweza zaidi ya kukuandikia rufaa, kwa hiyo nenda moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji. Usingoje hiyo jamu ionekane. Kilio cha vipindi pamoja na kutapika kinatosha.

Homa sasa. Wanaoandika vitabu vya nchi zisizo na malaria watakwambia homa ndogo na kuhara ni jambo la kutulia, na kwa virusi ni kweli, mtoto hupata joto kidogo siku ya kwanza. Sisi hatuna anasa hiyo. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kuanza kwa kutapika na kuhara, na kwa mkono huwezi kutofautisha. Kwa hiyo mtoto anayeharisha akiwa na homa, kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, au mwili una moto ukimgusa tumboni, apelekwe siku hiyo akatobolewe kidole kwa kipimo cha haraka. Ikifika 39, au homa ikaja na degedege, shingo kukakamaa au kulegea, ondokeni hata kama ni saa nane usiku. Unaweza kumpa parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake mkiwa mnajiandaa, ila joto likishuka usighairi safari. Dawa hiyo inashusha joto tu, malaria inabaki palepale. Na mtoto wa chini ya miezi miwili akiharisha au akipata homa, hayo yote niliyosema juu ya kumtazama nyumbani hayamhusu. Apelekwe.

Kuhusu yule bibi wa meno ya plastiki, naomba usimpeleke, na umwambie jirani yako nimesema mimi. Kile cheupe kinachoonekana chini ya ufizi ni jino la utotoni ambalo bado halijatoka. Wanalichokoa kwa spoku ya baiskeli, msumari au kucha. Nimepokea mtoto aliyekuja na kuhara kwa kawaida kabisa, akawa amevuja damu na kinywa kimeoza, na wapo wanaopoteza hata jino la ukubwani lililokuwa likijiandaa chini yake. Kwamba mtoto aliharisha wakati meno yanatoka, ndiyo, kwa sababu huo ndio umri anaotambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako inapungua. Mama mkwe ameona mambo mawili yakitokea pamoja, na macho yake hayakukosea. Kosa ni kudhani kwamba moja limeleta jingine, kwa sababu ukiamini ni meno hutatafuta ORS.

Wiki iliyopita, basi. Vyoo vitatu, kijani, bila homa, bila damu, anakimbia. Rangi ya kijani haina maana yoyote ya hatari, ni nyongo iliyopita haraka kabla haijabadilika rangi. Ungeweza kubaki nyumbani na ORS na zinki, wamekwambia kweli. Lakini kama ungekuwa kwenye foleni yangu nisingekurudisha na maneno. Mama aliyewahi kuona mtoto wake ametundikiwa dripu ana haki ya kuwahi. Jambo moja tu: kuhara kwa kawaida kunapungua siku ya tatu hadi ya tano na huisha ndani ya wiki. Kukiendelea mpaka siku ya 14, hata kama ni kidogo na mtoto anacheza, mrudishe apimwe uzito na achunguzwe upya. Huyo hapotezi maji kwa siku moja, anapoteza nyama taratibu. Na kadi yake ya kliniki iangalie kama alimaliza matone ya chanjo ya rota, yale ya wiki ya 6 na ya 10. Kama hakumaliza, utajua uko naye upande gani wa hatari.

Siku ukiondoka tena, beba nepi chafu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, kwa sababu maneno yako "ilikuwa nyekundu kidogo" hayamwambii mhudumu kitu, na nepi inamwambia kila kitu. Andika kwenye karatasi saa ya choo cha mwisho, saa ya mkojo wa mwisho na dawa zote alizopewa, hata ile ya dukani unayoionea aibu. Beba na chupa ya ORS. Uzembe ninaouona kila msimu wa mvua ni mama kuacha kumpa mtoto kitu tangu anapoondoka nyumbani, akijua huko mbele kuna dripu. Bajaji, foleni ya kadi, foleni ya daktari, zinakwenda saa mbili, na mtoto amefika bado yuko kwenye kunyang'anya, anaingia chumbani amelegea. Mpe kijiko njiani, mpe kijiko kwenye benchi. Akiwa bado anaweza kunywa, hata huko kituoni dawa ya kwanza si dripu: wa kilo 9 anapewa mililita 675 za ORS kwa saa nne, kijiko kwa kijiko, chini ya macho yao, na wengi wanarudi nyumbani jioni bila kuchomwa sindano.

Vijiko vya saa nne ni kazi, mkono unachoka. Mchukue mama mkwe. Nimemwona bibi mmoja aliyekuja akisema ni meno, akaketi na kikombe kuanzia saa mbili asubuhi, akawa yeye ndiye anayetuita, "Muuguzi, njoo uone, amekojoa."